Sentensi tatu kuhusu mnyama au mtu, kwa kisanduku cha maneno: mbona mtoto anakosea maneno niliyompa mwenyewe?

ChakiMkononi

Wadau wa kufundisha, naomba msaada. Nina watoto wanaoanza kuandika. Herufi wanazijua, neno mojamoja wanalisoma, ila sentensi bado inawatoa jasho. Zoezi lenyewe: wanaona picha ya sungura, chini yake pana kisanduku cha maneno, wanatakiwa wamweleze sungura kwa sentensi tatu. Kisanduku nimekiandika hivi:

sungura, nyeupe, masikio, refu, mkia, fupi, ruka, kula, majani

Mmoja wa wale wanaoelewa haraka kaniletea hii:

*Sungura ni nyeupe. Anamasikio refu. Ana ruka.*

Mwingine kaandika "sungura ruka kula majani", basi. Wawili wamenakili kisanduku chote toka mwanzo hadi mwisho wakaweka nukta.

Kinachonishangaza ni kwamba kwa mdomo hawakosei. Huyo huyo wa kwanza ukimwuliza anakwambia vizuri tu, "sungura ana masikio marefu". Akishika kalamu, "refu". Tatizo ni mtoto au ni zoezi?

Kalamu_Kavu

Toa hicho kisanduku, mkuu. Kinawafanya wanakili badala ya kufikiri. Mtoto aangalie picha, aandike anachokiona. Sisi tuliandika bila kisanduku na tukafika.

BibiWaDaftari

Mwalimu, tatizo ni kisanduku, lakini siyo kwa sababu aliyoitoa Kalamu.

Hebu weka daftari la yule mtoto kando ya kisanduku chako usome vyote viwili kwa pamoja. "Nyeupe" kaitoa wapi? Kwako. "Refu" je? Kwako pia. Anayeanza kuandika ana kazi nyingi kwa wakati mmoja: akumbuke umbo la herufi, akae kwenye mstari, akumbuke neno linalofuata kabla halijamtoka kichwani. Akiona neno limekwisha kuandikwa, na limeandikwa na mwalimu, atalichukua kama lilivyo. Sikio lake linamwambia "marefu", jicho linamwambia "refu", na kwenye karatasi jicho ndilo linaloshinda.

Kiswahili hakiruhusu kuweka sifa peke yake kwenye kisanduku hivi hivi. Sifa nyingi hazina umbo mpaka ujue zinaeleza nini. Mnyama mmoja tu atakupa mkia mrefu, masikio marefu, miguu mirefu na pua ndefu. Ukiandika "refu" umempa mtoto umbo linalofaa kwa sikio moja na halifai kwa masikio mawili. Kwa hiyo usimpe sifa. Mpe kifungu kizima, jina na sifa yake vikiwa vimeshikana:

masikio marefu
mkia mfupi
manyoya laini

Hapo akinakili, ananakili kilicho sahihi. Na kunakili si dhambi katika hatua hii. Kazi yake ya kufikiri ni kuchagua kifungu kipi kinamfaa mnyama aliye mbele yake na kiende kwenye sentensi ya ngapi.

Mpenda_Kamusi

Naunga mkono kwamba "refu" ni kosa. Ila dawa iko kwenye kamusi, sifa zinazobadilika huandikwa na kistari mbele: -refu, -fupi, -eupe, -dogo. Weka kistari, mtoto ajue panahitajika kitu. Hivyo anajifunza upatanisho tangu mapema badala ya kulishwa vifungu.

BibiWaDaftari

Kistari kinamsaidia anayejua kinachokosekana. Ukimpa mtoto wa miaka kumi, sawa, atajaza. Anayeanza ukimpa "-refu" atakuandikia "masikio -refu", na kistari ndani yake. Kakinakili kwa uaminifu kabisa. Halafu jaribu kwa "-eupe" uone: kutoka hapo afike mweupe, jeupe, meupe, cheupe, nyeupe. Sauti zinabadilika mwanzoni kiasi kwamba mtoto haoni tena kuwa ni neno lile lile.

Kwa hiyo wazo lako liwekwe akiba. Lina mahali pake, ila si kwenye sentensi tatu za kwanza.

MamaWaPacha

Samahani kuingilia, mimi si mwalimu, ni mzazi. Nyumbani kwetu tuna chati ya rangi ukutani: nyeupe, nyeusi, nyekundu, bluu, kijani. Wanangu wote wawili wanaandika "paka ni nyeusi". Nikafikiri ni uvivu wa kusikiliza. Inawezekana ni chati?

BibiWaDaftari

Ni chati, mama. Rangi zikitajwa peke yake hutajwa kwa umbo linalofuata neno "rangi" lenyewe: rangi nyeupe, rangi nyeusi. Chati iko sahihi kama chati. Mtoto anaona "nyeusi" ndilo jina la kitu hicho, anaibeba hivyo hivyo mpaka kwa paka. Lakini paka ni kiumbe hai, na viumbe hai hufuata a- na wa- bila kujali jina limeanzaje: paka mweusi, kuku mweupe, kipepeo mzuri, kiboko mkubwa. Kipepeo na kiboko yanaonekana kama kitabu na kiti, lakini yana uhai, kwa hiyo hatusemi "kiboko kikubwa" isipokuwa ile fimbo ya kuchapia.

Kuna njia mbili. Moja, mwandikie "mweusi" kwenye kisanduku cha paka. Nyingine, mwachie chati yake na umpe mwanzo wa sentensi unaoikubali: "Ana rangi nyeusi." Hiyo ni sahihi, na anaweza kuitumia kwa mnyama yeyote. Mimi hutumia ya pili kwa wale wanaochoka haraka.

MamaWaPacha

Hiyo ya "ana rangi" nimeipenda. Najaribu leo jioni.

Mpenda_Kamusi

Ila mkumbuke, ana rangi nyeusi, mkia mweusi, macho meusi, na miguu huwa myeusi. Siku atakapotaka kusema mwili mweupe ila mkia mweusi, njia ya mkato haitamfikisha.

ChakiMkononi

Nashukuru. Sasa kuna lile jingine ambalo linanikera kuliko yote: "Anamasikio" kaunganisha, halafu "Ana ruka" katenganisha. Kosa hapa na kinyume chake pale, ndani ya mistari mitatu! Nimeandika ubaoni "ana" mara nyingi tu, haisaidii.

Kalamu_Kavu

Hilo ni kutokuwa makini. Aandike mara ishirini.

BibiWaDaftari

Kalamu, akiandika mara ishirini bila kujua kwa nini, atakuwa amejizoeza kubahatisha mara ishirini.

Tazama zoezi lenyewe. Sentensi ya pili inaanza na "Ana", ya tatu nayo inaanza na "ana". Kwa sikio ni sauti ile ile. Lakini ya pili ni neno kamili, ana kitu fulani, na linalofuata ni jina, kwa hiyo panaachwa nafasi: ana masikio. Ya tatu ni kipande cha kitendo, hakisimami peke yake: anaruka. Tumempa mtoto mtego uliojengwa vizuri, na yeye kwa haki kabisa anajaribu mara kuunganisha, mara kutenganisha.

Usimweleze sarufi. Mpe jaribio la kidole. Baada ya "ana", neno linalofuata unaweza kuligusa kwenye picha ukalitaja peke yake? Anagusa, anasema "masikio". Linasimama, basi weka nafasi. Akifika "ruka", agusapo sungura anasema "sungura", hasemi "ruka". Halijasimama, basi liunganishe. Wengi hulishika kwa mnyama wa pili au wa tatu.

Jaribio hilo lina ufa mmoja, nilitaje kabisa: "ana njaa", "ana furaha". Njaa haiguswi. Kwa hiyo kwenye visanduku vya mwanzo siweki njaa wala furaha, naweka viungo vya mwili tu.

Na kuna jambo dogo la mpangilio ambalo limenipunguzia makosa haya kuliko maelezo. Usiache sentensi mbili zianze kwa sauti moja. Ya tatu ianze tena na jina la mnyama:

Sungura huyu ni ______.
Ana ______.
Sungura ______.

Kisanduku nacho kigawanywe kwa mistari mitatu, kila mstari na sentensi yake:

mweupe, mdogo, mpole
masikio marefu, mkia mfupi, manyoya laini
anarukaruka, anakula majani, anachimba shimo

"Ana" ya pili ameikuta imechapwa, na nafasi imeshaachwa. Ya tatu ameikuta imeungana ndani ya "anarukaruka". Macho yake yanaona tofauti kabla hajaulizwa kitu. Tena herufi kubwa zote ziko kwenye mianzo, kwa hiyo maneno ya kisanduku yanaweza kubaki na herufi ndogo bila kumharibia mwanzo wa sentensi.

Fundi_Sentensi

Mimi huandika kitendo kwa hu-: "Hula majani. Huchimba shimo." Tatizo la ana linakufa lenyewe, na hu- haibadiliki, mnyama awe mmoja au kundi.

BibiWaDaftari

Ni safi kisarufi, na inasomeka kama kitabu cha wanyama. Shida yangu nayo ni sikio. Watoto wengi wadogo hawasemi "hula" wanapozungumza, wanasema "anakula". Ukiwaleta kwenye hu- unawafundisha kuandika na kusema kwa wakati mmoja. Na hapo hapo unakutana na vitendo vifupi: anakula lakini hula, anakunywa lakini hunywa. Mtoto atakuandikia "hukula". Siku nyingine, ndiyo.

Na kwa sababu hiyo hiyo kisanduku kisiwe na "kula" wala "ruka" tupu. Ukiweka "kula" atakuandikia "sungura kula". Weka "anakula majani" kama anavyolisema.

Mwanagenzi82

Habari zenu. Nimesoma uzi, nina insha ya kidato kuhusu kumweleza mtu ninayemheshimu, kurasa mbili. Je, sentensi tatu zinatosha kwa utangulizi, au niongeze methali?

Fundi_Sentensi

Ndugu, huku ni kwa wanaoanza kushika kalamu. Fungua uzi wako, tutakuja.

ChakiMkononi

Nimerudi. Kisanduku kipya nimekitumia, nimebadilisha mnyama ili wasikariri ya sungura. Safari hii paka. Kimekwenda vizuri, "anamkia" zimepungua sana. Lakini sasa napata kitu kingine. Soma:

*Paka huyu ni mzuri. Ana miguu minne. Paka anakula.*

Hakuna kosa hata moja, nukta zote ziko mahali pake. Na bado nahisi hajasema kitu. Nampa alama zote au vipi?

BibiWaDaftari

Mpe tiki ya sarufi, halafu mfanyie kitu kimoja: ziba jina. Soma sentensi zake kwa wenzake ukiwa umelifunika neno "paka" kwa kidole. "Huyu ni mzuri. Ana miguu minne. Anakula." Waulize ni nani. Utasikia mbuzi, ng'ombe, mbwa, sungura, hata meza itatajwa na mchekeshaji wa darasa. Mtoto mwenyewe atasikia kwamba paka wake hakuonekana.

Hapo rudi kwenye kisanduku chako na ukitazame kwa jicho hilo hilo. Kama ndani yake kuna "mzuri", "miguu minne", "macho mawili" na "anakula", mtoto hakuwa na namna. Maneno yale yanamfaa kila mnyama. Kisanduku kizuri kina angalau kifungu kimoja kwa kila mstari ambacho kinamtenga mnyama huyu na wengine. Kwa paka ningeweka:

mdogo, mweusi, mwepesi
mkia mrefu, makucha makali, sharubu ndefu
anakamata panya, anapanda mti, analamba manyoya yake

Kwa kawaida sentensi ya tatu ndiyo inayomfichua mnyama. Chukua jogoo. "Jogoo huyu ni mkubwa" haijasema mengi. "Ana kilemba chekundu" imeshakaribia. "Jogoo anawika", mchezo umekwisha, hakuna mwingine anayewika. Ukibadilisha ukaandika "anataga", umemgeuza kuku jike. Neno moja la kitendo. Ndiyo maana mstari wa vitendo nauandika wa kwanza ninapotengeneza kisanduku, kisha ndiyo nahangaika na rangi na ukubwa.

Sentensi kama hiyo ya paka mimi sikuifuta. Nilichofanya kwa watoto wangu ni kuwaambia, "badilisha neno moja ili wenzako wamjue." Wengi hubadilisha "anakula" kuwa "anakamata panya" na hawagusi kingine, na inatosha.

MamaWaPacha

Nilijaribu "Ana rangi nyeusi", wote wawili wameweza! Lakini yule mmoja kaandika sentensi tatu kama moja: "Paka huyu ni mdogo na ana rangi nyeusi na ana mkia na analala na." Ameishia kwenye "na". Nikacheka mpaka akanuna.

BibiWaDaftari

Kila sentensi impe mstari wake mpya kwanza. Mistari mitatu, nukta tatu. "Na" zitapungua, kwa sababu hawezi kuivusha kirahisi mpaka mstari wa chini. Ukishaona nukta zimezoeleka, ndipo umwache aandike mfululizo.

Jirani_wa_Shule

Na mimi nina kesi yangu. Namfundisha shangazi yangu kusoma na kuandika, mtu mzima kabisa, ameamua mwenyewe. Sungura na paka hataki, anasema hayo ya watoto. Anataka kuandika kuhusu watu wake. Nimempa kisanduku: babu, wangu, mrefu, mpole, mvi nyingi, anasimulia. Kaandika "Babu wangu ni mrefu. Ana mvi nyingi. Babu anasimulia hadithi." Mimi nikaona sawa, mwanangu akasema ni "babu yangu". Nani mkweli? Si ni mtu? Mmesema kiumbe hai ni a- wa-.

Fundi_Sentensi

Ni "wangu", kwa sababu babu ni mtu. Mtoto wangu, mjukuu wangu, babu wangu.

BibiWaDaftari

Mwanao yuko sahihi. Fundi ana nusu: mtoto wangu, mjukuu wangu, mume wangu, mjomba wangu, haya yote yanaanza na m- na yanachukua wangu. Lakini baba, mama, babu, bibi, kaka, dada, shangazi, na rafiki pia, yanachukua yangu: babu yangu, dada yangu, rafiki yangu. Wakiwa wengi, dada zangu, rafiki zangu. Hiyo ni kwa "-angu" na wenzake tu. Sifa inabaki ya kiumbe hai, ndiyo maana "babu yangu ni mrefu" na wala si "ni ndefu".

Ona kilichotokea: ulimpa "babu" na "wangu" vikiwa vimetengana, akaviunganisha. Ni kosa lile lile la "masikio" na "refu". Andika "babu yangu" kama kifungu kimoja ndani ya kisanduku, hatahitaji kujua kanuni leo.

Hiyo sentensi ya tatu ya shangazi naipenda. Anasimulia hadithi! Tayari nimemwona huyo babu. Anaweza kuongeza lini: "jioni". Mtu mzima ana cha kusema kuliko nafasi anayopewa, kwa hiyo kisanduku chake kiwe na nafasi mbili tupu za maneno atakayokuomba umwandikie.

Jirani_wa_Shule

Nashukuru sana. Nafasi tupu hiyo sikuiwaza. Atanijazisha ukurasa, namjua.

Mpenda_Kamusi

Nichokoze kidogo. Na wanyama? Tunasema "paka wangu", lakini mitaani utasikia "paka yangu", na "ng'ombe zangu" nasikia mpaka kwa watu wanaojua lugha. Mtoto akiandika "paka yangu", unasahihisha?

BibiWaDaftari

Kwa maandishi ya shule, paka wangu, mbwa wangu, na ndiyo ninayoweka kwenye kisanduku. Lakini akiandika "paka yangu" kwenye sentensi tatu zake za mwanzo, mimi siweki wino mwekundu. Namsomea kwa sauti kwa umbo sahihi nikaendelea.

Fundi_Sentensi

Hapo tunatofautiana, Bibi. Ukiacha leo, kesho limeota mizizi. Sahihisha, kwa upole, lakini sahihisha.

BibiWaDaftari

Ningesahihisha kila kitu kwenye karatasi ya yule mtoto wa kwanza, sentensi tatu zingekuwa na alama nyekundu nne. Nachagua moja kwa karatasi moja. Wewe ungechagua hiyo, mimi ningechagua nafasi baada ya "ana".

ChakiMkononi

Swali la watu limenifikia. Darasa limeomba waelezane wenyewe kwa wenyewe, kila mtoto amweleze jirani yake wa dawati. Mmoja kaandika "Rafiki yangu ni mnene. Ana kichwa kikubwa." Sarufi safi kabisa, upatanisho safi, na mwenzake kalia. "Mnene" haikuwa hata kwenye kisanduku, kaileta mwenyewe.

Kalamu_Kavu

Nilisema mimi, visanduku... Hapana, hii siyo ya kisanduku. Nakubali.

MamaWaPacha

Jamani, huyo mtoto hakukusudia. Mnene ni mnene.

BibiWaDaftari

Kwa mnyama, mwili unatosha kumfichua. Kwa mtu, mwili ndio unaoumiza, na mara nyingi haumtambulishi vizuri zaidi. Darasa moja lina warefu wengi. Mimi nabadilisha mistari ya kisanduku tunapohamia kwa watu. Mstari wa pili unaacha kuwa wa viungo unakuwa wa vitu alivyo navyo au alivyovaa: ana mkoba mwekundu, ana viatu vyeusi, ana kalamu ndefu, ana nywele fupi. Mstari wa tatu unakuwa wa tabia: anacheka sana, anachora vizuri, anakimbia haraka, anapenda kuimba. Wenzake watamtambua kwa "anacheka sana" kabla hawajamtambua kwa kichwa.

Angalia pia kwamba mstari wa pili umekuwa mgumu zaidi kwa upatanisho kuliko wa mnyama: mkoba mwekundu, viatu vyeusi, kalamu ndefu, nywele fupi. Maneno manne, na kila sifa ina mwanzo wake. Ndiyo maana naanza na wanyama, na ndiyo maana hapa kuliko kwingine vifungu viandikwe vizima.

Fundi_Sentensi

Na "mnene", je, ulifute neno kwenye lugha ya watoto? Nina bibi yangu mnene, ndiye bibi mnene ninayempenda. Nikiandika "bibi yangu ni mnene" sijamtukana.

BibiWaDaftari

Wewe umemwandikia bibi anayejua unampenda. Mtoto wa Chaki kamwandikia mwenzake, na imesomwa mbele ya darasa. Siwezi kukupa kanuni hapo.

MamaWaPacha

Mimi ningemwacha aandike kuhusu mtu wa kwao, siyo wa dawati.

Mpenda_Kamusi

Au wamweleze mtu wa kwenye picha. Picha hailii.

Kalamu_Kavu

Picha hailii, ila pia hakuna anayeijua tabia yake. "Anacheka sana" utaipata wapi kwenye picha?

ChakiMkononi

Nimechanganyikiwa kwa njia nzuri. Nafikiri nitawapa mtu wa nyumbani, halafu nione. Swali langu la mwisho: kisanduku hiki kinaondoka lini? Sitaki wafike mwaka ujao bado wanaokota vifungu.

BibiWaDaftari

Hakiondoki siku moja, kinapungua kutoka ndani. Wakishaandika wanyama kadhaa bila kunung'unika, chukua mstari wa pili ufute sifa tu, uache majina: masikio ______, mkia ______, miguu ______. Pembeni weka maumbo ya neno moja: mrefu, marefu, mirefu, ndefu. Kazi yao ni kuoanisha, na waambie waseme kwa sauti kabla ya kuandika, kwa sababu sikio linajua. Hapo ndipo kistari cha Mpenda Kamusi kinaanza kukaribia kazi yake. Mstari wa vitendo ufute wa mwisho, maana ndio wenye uhai wa sentensi.

Kabla ya kupunguza chochote, weka mgeni ndani ya kisanduku. Kwenye cha sungura tia "pembe ndefu". Anayesoma atacheka akaiacha. Anayenakili atakuandikia sungura mwenye pembe, na utajua bado anahitaji vifungu vyake vyote.

ChakiMkononi

Nimeitia kwenye kisanduku cha kesho. Nimeongeza na "anawika".

Kalamu_Kavu

Ukipata sungura anayewika, tuwekee picha ya daftari hapa.